Hisa za Amana na Mtu Aliye Nyuma Yake

(Mazungumzo niliyoyatoa Mombasa mbele ya wafanyabiashara na makatibu wa kampuni, nikayaandika upya kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote. Najua wengine mmefunga maduka mapema ili mfike hapa, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Nianze na begi. Miaka kadhaa iliyopita alinijia ofisini mama mmoja aliyekuwa ametoka eda karibuni. Alibeba begi la marehemu mumewe, na ndani yake mlikuwa na cheti cha hisa 500 katika kampuni ya malori. Mumewe alikuwa karani wa kampuni hiyo hiyo, mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama hakujua kamwe kwamba mumewe ni mwenyehisa, na sasa cheti kinamwambia kwamba nusu ya malori yale ni ya watoto wake.

Wiki haikuisha akaja mwenye malori. Akaniambia, "Wakili, hisa zile ni zangu. Nilimwandikisha tu marehemu, tulielewana." Nikamwomba hati. Akaleta nakala ya karatasi moja ambayo haikuwa na tarehe wala sahihi ya shahidi, na sahihi ya marehemu ilikuwa imefifia hata huwezi kuisoma. Hapo hapakuwa na mwongo. Mjane alisema kilichoandikwa, na mwenye malori alisema kilichotokea. Lakini aliyeweza kuunganisha maneno hayo mawili alikuwa kaburini, na alikuwa ameambiwa asimwambie mtu, hata mkewe. Kesi ya mirathi ilichukua muda mrefu kiasi kwamba malori mawili yaliuzwa ili kulipa madeni ya kampuni ambayo hakuna aliyeweza kuyatilia sahihi. Familia mbili zilizokuwa zikipelekeana futari mpaka leo hazisalimiani.

Alichokuwa marehemu yule, kwa lugha ya kazi yetu, ni mwenyehisa wa niaba. Jina lake limo katika daftari la wanahisa, cheti anacho yeye, barua ya mkutano inaletwa kwake. Lakini fedha za kununulia hisa si zake, gawio halibaki kwake, na akipiga kura hupiga alivyoelekezwa. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili kama geni. Sisi tunalijua neno amana. Ukiachiwa kitu cha mtu, mkononi ni chako na rohoni ni cha mwenyewe. Wakf nao ni jamaa wa karibu: mtawalli anaishika nyumba, anakusanya kodi, anaitia chokaa, na nyumba si yake. Hisa zinaweza kushikwa namna hiyo hiyo, na karatasi inayosema hivyo naiita hati ya amana. Mshikaji anakiri kwa maandishi kwamba hisa kadhaa zilizo kwa jina lake anazishika kwa niaba ya fulani, kwamba atampa gawio lote, atapiga kura anavyoambiwa, na atazihamisha siku atakayotakiwa.

Hati hiyo ni halali. Nasema hivi kwa sauti kwa sababu kuna watu wamesikia habari za sheria mpya inayotaka mwenye hisa wa kweli aandikwe kwa msajili, wakadhani kushika hisa kwa niaba kumeharamishwa. Hakukuharamishwa, na historia yake ni ndefu. Kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria ya kampuni huanza nayo, ya Salomon, iliamuliwa London mwaka 1896. Salomon alikuwa mshona viatu vya ngozi. Sheria ya wakati ule ilitaka watu saba ili kampuni isajiliwe, naye alikuwa na mke na watoto watano wakubwa, kwa hiyo kila mmoja alipewa hisa moja. Katika hisa 20,007 zilizotolewa, Salomon alikuwa na 20,001. Mahakama ya Rufaa iliwaona wale sita kama watu wa kujaza idadi, ikamkasirikia. Baraza la Mabwana likaitengua hukumu hiyo: sheria ilitaka wanahisa saba, wako saba, na haikuuliza kama kila mmoja ana maslahi makubwa.

Hapa kwetu tuliirithi tabia hiyo pamoja na sheria. Chini ya Sheria ya Kampuni ya zamani, Sura ya 486, kampuni binafsi ilihitaji watu wawili. Mtu mwenye duka lake angefanya nini? Alimwandika mkewe, au shemeji, au karani, hisa moja. Tangu sheria ya mwaka 2015 mtu mmoja anatosha. Lakini hisa zile za zamani zingali kwenye madaftari, na wengi walioandikwa wamesahau kwamba waliandikwa. Mkitoka hapa, hizo ndizo za kwanza kuzitafuta.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Kama amana ni halali, kwa nini kuna karatasi nyingine inayodai jina la mwenyewe?

Sababu iko katika kanuni moja kongwe ya sheria ya kampuni: daftari la wanahisa haliandikwi habari za amana. Katibu wa kampuni haruhusiwi kuandika pembeni mwa jina la karani kwamba hisa hizi ni za tajiri wake. Kanuni hii ina busara yake. Fikiria kampuni ingelazimika, kila ikilipa gawio, kuchunguza ni nani aliyemwachia nani amana, na kama mshikaji ameruhusiwa kuuza. Isingefanya kazi nyingine. Kwa hiyo sheria iliiambia kampuni: shughulika na jina uliloandikiwa, mlipe huyo, mwite huyo mkutanoni, na ugomvi wake na mwenye amana ni wao wawili.

Kwa hiyo daftari la wanahisa hujibu swali moja, nalo ni kampuni inashughulika na nani. Halikuwahi kujibu ni nani anayekula. Kwa zaidi ya miaka mia hakuna daftari lolote lililojibu swali hilo la pili. Mwenye nia njema alikaa humo, na mwizi wa zabuni akakaa humo humo, na ukiwatazama kwa nje huwezi kuwatofautisha.

Kenya ililiingiza swali la pili katika sheria kwa kifungu cha 93A cha Sheria ya Kampuni, kisha kanuni za mwaka 2020 zikaeleza namna, na mwezi Oktoba mwaka huo Huduma ya Usajili wa Biashara ikafungua daftari lake la kielektroniki. Jirani zetu Tanzania waliliingiza kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, na huko kazi hiyo iko mikononi mwa Brela. Neno lao ni mmiliki manufaa. Mimi husema mmiliki halisi, kwa sababu wateja wangu hulielewa bila maelezo.

Mmiliki halisi lazima awe mtu mwenye pumzi. Kampuni haiwezi kuwa mmiliki halisi, na amana haiwezi kuwa mmiliki halisi. Kwa kanuni za Kenya unamtafuta mtu ambaye, moja kwa moja au kwa kupitia wengine, ana angalau asilimia 10 ya hisa au ya kura, au ana haki ya kuteua au kuondoa mkurugenzi, au ana ushawishi mkubwa juu ya kampuni. Na neno linalomgusa mshikaji wa niaba ni hilo la kupitia wengine. Hisa zilizo kwa jina la karani zinahesabiwa kuwa za yule anayemshikia.

Nitawachorea mfano. Ni wa kutunga, lakini vipande vyake vyote nimevikuta katika mafaili halisi. Kampuni ina ghala la baridi la samaki na ina hisa 1,000. Ukiagiza CR12, ile karatasi rasmi inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, utakuta wanahisa wa aina tatu. Karani wa ghala ana hisa 250. Kampuni ya pili, yenye nyumba za kupangisha, ina hisa 450. Wadhamini wawili wa familia wanashika pamoja hisa 300. Ukiishia hapo, ghala ni la karani, la kampuni na la wadhamini.

Tumwite karani. Unamuuliza fedha za hisa 250 zilitoka wapi, na mshahara wake unaujua. Anatoa hati ya amana: anamshikia ndugu mmoja anayeishi Maskati, ambaye hakuweza kuja kutia sahihi siku kampuni ilipofunguliwa. Basi asilimia 25 ni ya huyo wa Maskati.

Nenda kwenye kampuni ya nyumba. Wanahisa wake ni wawili: mjomba mwenye asilimia 80, na yule yule wa Maskati mwenye asilimia 20. Asilimia 80 ya hisa 450 ni hisa 360, kwa hiyo mjomba ana asilimia 36 ya ghala na anaandikwa. Asilimia 20 ya 450 ni hisa 90, yaani asilimia 9. Katibu mvivu husimama hapa na kusema wa Maskati hajafika 10, tumwache. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko jingine lolote. Hesabu haifanywi kwa mlango mmoja mmoja. Unajumlisha 250 za karani na 90 za upande huu, unapata 340. Wa Maskati ana asilimia 34, na jina lake halimo popote katika CR12.

Zimebaki 300 za wadhamini, na hizi ndizo ngumu. Baba wa familia alizitia katika amana kabla ya kufa kwa ajili ya watoto wake watatu, na hati inasema wadhamini hawawezi kuuza bila idhini ya bibi wa watoto hao. Nani mmiliki halisi? Watu hutaka jibu la jina moja. Katika amana ya namna hii nguvu na faida zimegawanywa makusudi, kwa hiyo viwango vya kimataifa vinataka uwatazame wote: aliyeiweka amana, wadhamini, msimamizi mwenye kura ya kuwazuia, wanufaika, na yeyote mwingine mwenye neno la mwisho. Baba amefariki. Wadhamini wawili wanaandikwa kwa sababu ndio wanaopiga kura za asilimia 30. Watoto wanaandikwa hata kama bado wako shule, kwa sababu mali ni yao. Na bibi, ambaye hana hisa hata moja na hajawahi kufika ghalani, ninamwandika pia, kwa sababu hakuna hisa inayotoka bila neno lake.

Tofauti kati ya karani na wadhamini ni muhimu, msiichanganye. Karani ni mkono mtupu. Anayemshikia yuko peke yake, anaweza kuzidai hisa kesho asubuhi, na kwa hiyo unamvuka karani unamwandika mwenyewe. Wadhamini wana hiari na wajibu wao wenyewe, kwa hiyo huwavuki, unawaandika pamoja na walio nyuma yao.

Ukishawapata, unajaza BOF1, yaani fomu ya wamiliki halisi, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Majina kamili, nambari ya kitambulisho au pasipoti, nambari ya kodi ya KRA, uraia, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya posta na ya nyumbani, simu, barua pepe, kazi, aina ya umiliki na tarehe alipoanza kuwa mmiliki. Hapo kwenye aina ya umiliki sema ukweli wote: kwamba wa Maskati ana hisa 250 kupitia mshikaji wa niaba na 90 kupitia kampuni. Nambari tupu ya asilimia 34 haimsaidii atakayesoma. Kampuni isiyotimiza, pamoja na afisa wake aliyehusika, inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, na kosa likiendelea faini inaendelea kwa siku.

Kama mtu anakataa kujibu, kampuni inampelekea notisi, kisha onyo, na mwisho inaweza kuzifunga hisa zile: haziuzwi, hazipigi kura, hazilipwi gawio. Nimemwona mtu aliyegoma kwa miezi akajibu ndani ya siku moja baada ya kusikia neno gawio.

Na katibu atajuaje kama karani hakusema? Fuata fedha. Gawio lililoandikwa kwa jina la karani linaingia akaunti ya nani? Hisa zililipiwa na hundi ya nani? Kuna fomu ya kuhamisha hisa iliyokwisha kutiwa sahihi, sehemu ya mpokeaji ikiwa wazi, imelala katika kabati la mtu mwingine? Hiyo fomu wazi ni dalili kubwa kuliko zote, kwa sababu mwenye hisa za kweli hamwachii mtu kisu cha kumkatia. Ni hatari pia kwa mwenyewe, maana atakayeiokota anaweza kuandika jina lake.

Niseme sasa juu ya mipaka ya sheria hii, kwa sababu ninaipenda lakini sitaki mdhani inaona kila kitu. Mnaikumbuka Mobitelea. Mwaka 2007 Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Umma iliuliza ni nani mwenye Mobitelea Ventures, kampuni iliyosajiliwa Guernsey, iliyokuwa imepata asilimia 25 ya Vodafone Kenya, kisha ikabakia na asilimia 12.5. Vodafone Kenya nayo ilikuwa na asilimia 40 ya Safaricom. Waliofuata karatasi walikuta majina ya uwakala, si ya watu. Mwaka uliofuata serikali iliuza asilimia 25 ya Safaricom kwa umma, na Wakenya wakapanga foleni kununua hisa kwa shilingi 5, wakiwa bado hawajatajiwa rasmi mtu yeyote aliyekuwa nyuma ya kampuni ile.

Tuipitishe hadithi hiyo katika sheria ya leo. Asilimia 12.5 ya asilimia 40 ni asilimia 5. Ukiuliza katika Safaricom kwa kipimo cha hisa peke yake, mtu huyo hafiki 10 na haandikwi. Ukiuliza katika Vodafone Kenya, ana asilimia 12.5 na analazimika kuandikwa, ikiwa ni mtu mmoja. Wakiwa wawili sawa kwa sawa, kila mmoja ana 6.25, na wote wawili wanapita chini ya kamba. Kwa hiyo swali linaulizwa katika kila kampuni ya mnyororo, na kipimo cha asilimia hakitoshi bila kuuliza pia nani ana ushawishi na kwa makubaliano gani. Mtu anayejigawa makusudi ili asifike 10 kwa kawaida ameacha nyuma yake makubaliano ya kupiga kura pamoja. Yatafuteni hayo.

Najua hofu iliyomo humu ndani, na sitaidharau. Wapo walioweka hisa kwa jina la mtu mwingine kwa sababu ya usalama, wapo waliokimbia husuda ya jamaa, wapo wanaoogopa kwamba mtoto atatekwa ikijulikana mali ni ya baba yake. Daftari la wamiliki halisi la Kenya halikufunguliwa kwa kila mpita njia. Liliwekwa kwa ajili ya mamlaka zenye kazi ya kuchunguza, na kampuni yenyewe imekatazwa kutoa habari hizo ovyo. Jirani yako akiagiza CR12 bado ataona jina la karani. Hata Ulaya, ambako madaftari haya yalikuwa yamefunguliwa kwa umma, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwezi Novemba 2022 kwamba kumfungulia kila mtu bila kizuizi kunavunja haki ya faragha. Mimi binafsi ningependa kampuni zinazopewa zabuni za umma ziwe wazi kwa wote, kwa sababu fedha zile ni zetu. Kwa ghala la samaki la familia, naona kizuizi kina haki yake.

Mzee mmoja hapo mbele aliniuliza kabla hatujaanza: nikimwandika wa Maskati, karani si atajiona ameponyoka, aseme hisa ni zake na serikali ndiyo iliyoingilia? Mzee wangu, ni kinyume chake. Leo ushahidi wa wa Maskati ni karatasi moja kabatini. Akiandikwa, kuna maandishi yenye tarehe, yaliyopelekwa kwa msajili na kampuni yenyewe, yanayosema karani ni mshikaji. Karani akifariki, mjane wake hatafungua begi na kukuta ndoto. Atakuta hati ya amana iliyotiwa sahihi mbele ya shahidi, na kampuni itamwonyesha BOF1 inayolingana nayo.

Kwa hiyo nitakuombeni kitu kidogo kabla hatujanywa chai. Nimeleta mfano wa hati ya amana wa ukurasa mmoja, uko pale mezani karibu na mlango. Ina nafasi ya nambari za hisa, nafasi ya tarehe, nafasi ya shahidi, na mstari mmoja nilioongeza mwenyewe baada ya kesi ya malori, ambao mwenzi wa mshikaji anautia sahihi kukiri kwamba ameisoma.